Ankara mbili, ukimya mmoja: barua pepe ya mwisho ya madai kabla ya mahakama

Kampuni ya watu wawili ilijenga tovuti ya kampuni inayosafirisha mizigo. Mkataba ulijumuisha pia kuitunza tovuti hiyo kwa mwaka mmoja. Meneja masoko wa mteja aliipokea kazi kwa maandishi: "Tumeipitia, iko sawa, tunaanza kuitumia Jumatatu." Ankara namba 041 ya ujenzi, 620,000, ilitumwa tarehe 3 Februari. Baadaye mteja aliagiza kwa barua pepe kurasa za nyongeza za kufuatilia mizigo, zikatengenezwa, na ankara namba 047 ya 380,000 ikatumwa tarehe 10 Machi. (Jina la fedha tumeliacha kwa sababu hesabu ni ile ile popote.) Mkataba unampa mteja siku 30 kuanzia tarehe ya ankara, kwa hiyo ya kwanza ilipaswa kuwa imelipwa ifikapo 5 Machi na ya pili ifikapo 9 Aprili.

Tarehe 20 Machi zikaingia 150,000 benki bila maelezo yoyote. Baada ya hapo ni ukimya. Vikumbusho vya 14 Aprili na 12 Mei havikujibiwa. Katikati yake ilipigwa simu, na mhasibu akasema malipo "yako kwenye utaratibu". Ilipofika 26 Mei kampuni ikaamua kutuma barua pepe ya mwisho ya madai.

Kinachoipa barua hiyo uzito ni wasomaji wake wawili. Wa kwanza ni mteja. Wa pili ni hakimu au msuluhishi ambaye huenda akaifungua miezi sita baadaye akiwa hamjui yeyote kati yenu. Sentensi ambayo msomaji wa pili angeikunjia uso haina nafasi humo, hata kama inaeleza ukweli wa moyo wako.

Kwanza hakikisha ukimya ni ukimya

Kabla ya kuandika neno "mwisho", ondoa sababu zisizo za ukaidi. Ankara nyingi hukwama kwa mambo madogo: aliyekuwa akizipokea ameacha kazi, haina namba ya agizo la ununuzi ambayo idara ya fedha ya mteja huidai, au jina la kampuni lililoandikwa juu si lile lililosaini mkataba. Hili la jina ndilo baya kuliko yote. Mteja mwenye kampuni mbili au tatu anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba kampuni unayoidai haikuwahi kukuagiza chochote, na kesi ikaanguka hata kama kazi ilifanyika.

Katika kisa hiki majina yalilingana. Lakini vikumbusho vyote vilikuwa vimekwenda kwa mhasibu mmoja tu, wakati kifungu cha 14 cha mkataba kinataja anwani mbili za taarifa rasmi, ya idara ya fedha na ya mkurugenzi aliyesaini. Kwa hiyo kwa upande wa mkataba, mkurugenzi alikuwa hajaarifiwa bado. Kasoro hiyo ilirekebishwa kwa kutuma barua ya mwisho kwa anwani zote mbili. Kama mkataba wako unataka taarifa ipelekwe kwa mkono au kwa posta ya rejista, fanya hivyo pamoja na barua pepe. Muda uliompa mteja uhesabu kuanzia siku ile ambayo mkataba unasema taarifa imefika.

Rasimu ya kwanza, na kwa nini haikutumwa

Rasimu ya kwanza ilikuwa fupi na kali: "Mmetuchezea vya kutosha. Msipolipa ndani ya saa 48 tutaizima tovuti yenu, tutawaripoti polisi kwa utapeli, na wateja wenu wote watajua mlivyo. Kesi tayari imefunguliwa."

Kila tishio hapo linamgeuza mdai kuwa mdaiwa. Kuzima tovuti ya mtu mwingine kwa nywila ulizobaki nazo, pasipo mkataba kukuruhusu, kunaweza kuwa kosa chini ya sheria za makosa ya mitandao, hata kama tovuti uliijenga wewe na hujalipwa. Kutishia polisi ili deni la kawaida lilipwe ni hatari vilevile. Kushindwa kulipa ankara ni jambo la madai, na mahali pengi kumtumia mtu tishio la jinai ili akupe fedha kunaweza kuhesabiwa kuwa kosa la kudai fedha kwa vitisho. Kuwatangazia wateja wake kunafungua mlango wa kashfa na wa uvunjaji wa usiri wa mkataba. Na kusema kesi imefunguliwa wakati haijafunguliwa ni uongo ulioandikwa, wenye tarehe na jina lako.

Lipo pia kosa lisiloonekana haraka. Rasimu haitaji kiasi, wala namba ya ankara, wala akaunti. Mkurugenzi aliye tayari kulipa asingejua alipe ngapi.

Barua iliyotumwa

Kichwa: Notisi ya mwisho ya madai: ankara 041 na 047, jumla 863,200, kulipwa ifikapo 9 Juni

Kwa Mkurugenzi Mtendaji na Idara ya Fedha,

Tunaandika kuhusu ankara mbili ambazo hazijalipwa chini ya mkataba wetu wa ujenzi na utunzaji wa tovuti. Kazi ya ankara 041 ilipokelewa kwa maandishi na meneja masoko wenu. Kazi ya ankara 047 iliagizwa na ofisi yenu kwa barua pepe, na kurasa husika zinatumika hadi leo. Nakala za nyaraka hizo zimeambatishwa.

Deni lilivyo leo, 26 Mei, ni hivi. Ankara 041 ilikuwa 620,000. Mlilipa 150,000 tarehe 20 Machi, nasi tuliziingiza kwenye ankara hii kwa kuwa ndiyo ya zamani zaidi. Salio ni 470,000. Ankara 047 ni 380,000 na haijalipwa chochote. Kwa mujibu wa kifungu cha 6, kuchelewa kunatozwa 1% ya salio kwa kila mwezi mzima: 9,400 kwa ankara 041 (miezi miwili) na 3,800 kwa ankara 047 (mwezi mmoja). Jumla yote ni 863,200.

Tuliwakumbusha kwa barua pepe tarehe 14 Aprili na 12 Mei, na kwa simu tarehe 28 Aprili. Hatujapokea malipo mengine wala maelezo ya pingamizi lolote.

Tunaomba 863,200 ziwe zimeingia kwenye akaunti yetu ifikapo saa 11 jioni, tarehe 9 Juni. Mkilipa kufikia hapo, hatutadai tozo ya siku zilizo kati ya leo na tarehe hiyo. Akaunti ni ile ile iliyo kwenye ankara na haijabadilika. Kabla ya kulipa mnaweza kuthibitisha kwa kupiga namba yetu iliyo kwenye mkataba.

Iwapo malipo hayatakuwa yamefika, tutasitisha huduma ya utunzaji kuanzia 10 Juni kwa mujibu wa kifungu cha 9. Barua hii ndiyo taarifa ya siku 14 inayotakiwa na kifungu hicho. Tovuti yenu itaendelea kuwa hewani. Vilevile tutafungua madai mahakamani bila kuwaandikia tena, tukidai salio, tozo inayoendelea na gharama za kesi kadiri sheria inavyoruhusu.

Kama kuna sehemu ya deni mnayoipinga, tafadhali tuandikieni kabla ya 9 Juni mkitaja ankara, kiasi na sababu, na mlipe sehemu msiyoipinga. Kama tatizo ni uwezo wa kulipa kwa mkupuo, tuandikieni pendekezo lenye tarehe na viwango. Tutalijibu ndani ya siku mbili za kazi.

Haki zetu zote chini ya mkataba na sheria zimehifadhiwa.

Wenu,
Mkurugenzi, kwa niaba ya kampuni

Hesabu inayoweza kukaguliwa na mtu asiyewajua

Sehemu inayoharibika mara nyingi ni tozo ya kuchelewa. Unaweza kuidai kama mkataba umeitaja au sheria ya nchi yako inaitoa moja kwa moja. Ankara iliyochapishwa "5% kwa mwezi" chini kwa herufi ndogo, wakati mteja hakuwahi kuikubali, kwa kawaida haikusaidii, na mteja akiikataa kwa haki hoja yako nzima inachafuka. Kama huna msingi huo, dai salio peke yake. Salio safi lina nguvu kuliko jumla kubwa yenye ufa.

Angalia pia jinsi 150,000 zilivyoshughulikiwa. Ziliingia 20 Machi, kabla mwezi wa kwanza wa kuchelewa haujatimia tarehe 5 Aprili, kwa hiyo 1% imepigwa juu ya 470,000 na si juu ya 620,000. Mdai aliyetoza juu ya kiasi chote angepata ziada ya 3,000 tu kwa miezi miwili, na kwa ziada hiyo ndogo angempa mteja sababu ya kuandika kwamba hesabu ni za uongo. Malipo hayo ya sehemu yana faida nyingine. Ni ushahidi kwamba mteja alilitambua deni, na katika sheria za nchi nyingi yanaweza kuanzisha upya muda wa ukomo wa kufungua madai. Barua ya madai yenyewe kwa kawaida haisimamishi muda huo, kwa hiyo anayedai deni la miaka mingi aulize mwanasheria kabla hajaanza kuhesabu siku 14 nyingine.

Siku 14 zenyewe zilichaguliwa kwa sababu mbili. Kifungu cha 9 kinazitaka, na makampuni mengi hutoa malipo mara moja au mbili kwa mwezi, kwa hiyo saa 48 ni muda ambao hata mteja mwema hawezi kuutimiza. Ukitoa siku 30, kwa upande mwingine, umempa muda mpya wa mkopo. Na andika tarehe kamili. "Ndani ya siku 14" humwacha kila mtu ahesabu kuanzia siku anayoipenda: ya kutumwa, ya kusomwa, au ya mkurugenzi kurudi safari.

Matokeo yaliyo mkononi mwako

Barua imetaja mambo mawili tu, na yote mawili mdai anaweza kuyafanya tarehe 10 Juni asubuhi pasipo kuomba ruhusa ya mtu. Hicho ndicho kipimo tunachokiamini. Jiulize kama utalitenda kweli, na kama mkataba au sheria inakupa nafasi ya kulitenda. Tishio lisilotekelezwa linamfundisha mteja kwamba tarehe zako ni mapambo.

Sentensi "tovuti yenu itaendelea kuwa hewani" inaonekana kama zawadi, lakini inamlinda mdai. Kusitisha utunzaji ni kuacha kusasisha programu, kuacha kuhifadhi nakala na kuacha kujibu maombi ya marekebisho. Kuifunga tovuti ni kitu kingine, na kifungu cha 9 hakikuruhusu. Ikiwa jina la tovuti limesajiliwa kwa jina lako badala ya la mteja, usiache muda wake uishe kwa makusudi ili kumbana. Kwa hakimu hilo litafanana sana na kuifunga.

Maneno "bila kuathiri haki", ambayo watu hupenda kuyabandika juu ya barua ili ionekane ya kisheria, hayakuwekwa, na kwa makusudi. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wenye asili ya Uingereza, maneno hayo hutumika kwenye mazungumzo ya kutafuta suluhu, na barua ya suluhu kwa kawaida haitolewi kama ushahidi mahakamani. Barua ya madai unaitaka isomwe mahakamani. Kinachofaa mwishoni mwake ni "haki zetu zote zimehifadhiwa". Kama baadaye utataka kupunguza deni ili mambo yaishe, pendekezo hilo liandike kwenye barua yake tofauti, na huko ndiko maneno yale yana kazi.

Mstari kuhusu akaunti usiuone mdogo. Matapeli huingilia mawasiliano ya biashara na kutuma "akaunti mpya" wakati ambapo deni linadaiwa kwa haraka. Barua ya mwisho inayobadilisha akaunti itakwamishwa na idara yoyote ya fedha iliyo makini, na mteja mkaidi atapata kisingizio kizuri cha kuchelewa wiki tatu zaidi.

Kutuma na kuhifadhi

Viambatisho viliwekwa kwenye faili moja la PDF, kwa mpangilio wa tarehe: mkataba, barua ya kupokea kazi, barua ya kuagiza kurasa za nyongeza, ankara mbili, na taarifa ya hesabu ya ukurasa mmoja. Barua ilitumwa kama jibu kwenye mfululizo ule ule wa vikumbusho, ili historia ionekane ikishuka chini yake. Haikunakiliwa kwa mtu yeyote nje ya kampuni hizo mbili. Kunakili kwa mshirika wa mteja au kwa benki yake "ili aone aibu" ni njia fupi ya kushtakiwa wewe.

Usitegemee kiashiria kwamba barua imesomwa, maana programu nyingi za barua pepe hukizuia. Hifadhi barua yenyewe kama faili la .eml, si picha ya skrini peke yake, kwa sababu picha haina vichwa vya kiufundi vinavyoonyesha imetoka wapi na saa ngapi. Siku iliyofuata ilipigwa simu moja ya heshima kuuliza kama barua imefika. Ilichukua dakika mbili, haikuwa na mabishano, na mara tu ilipoisha tarehe, saa na cheo cha aliyepokea viliandikwa.

Jibu lilipokuja

Tarehe 4 Juni meneja wa fedha aliandika. Ankara 041 aliikubali. Ankara 047 aliipinga, akidai kurasa za nyongeza hazikuwahi kuagizwa. Hapa wadai wengi hupoteza mwelekeo: wanaanza kubishana kuhusu ile inayopingwa, na ile isiyopingwa inalala. Jibu lilitumwa siku hiyo hiyo likiwa na sehemu mbili. Kwanza, kwa kuwa ankara 041 haina ubishi, 479,400 (salio pamoja na tozo yake) zilipwe kufikia 9 Juni kama ilivyoandikwa. Pili, ile barua pepe ya kuagiza ilinukuliwa kwa tarehe yake na ukurasa wake kwenye kiambatisho, na swali moja likaulizwa: je, mnapinga kwamba barua hii ilitoka ofisini kwenu?

Zingeweza kuja fedha za namna nyingine, tuseme 400,000 zenye maelezo "malipo kamili na ya mwisho". Fedha kama hizo zisipokelewe kimya kimya. Mahali pengine kuzipokea bila kusema neno kunaweza kuchukuliwa kuwa umekubali deni liishie hapo. Andika siku ile ile kwamba umezipokea kama malipo ya sehemu, taja salio, na kama nchi yako inahitaji uzirudishe ili kulinda haki yako, pata ushauri kabla hujazitumia.

Tarehe 9 Juni mchana 479,400 ziliingia. Kuhusu ankara 047 meneja hakurudia pingamizi lake, aliomba tu kulipa 383,800 zilizobaki kwa awamu mbili sawa. Ombi lilikubaliwa kwa makubaliano ya ukurasa mmoja yaliyosainiwa na mkurugenzi, si na mhasibu, yenye mambo manne: mteja anakiri anadaiwa 383,800, atalipa 191,900 ifikapo 30 Juni na 191,900 ifikapo 31 Julai, awamu yoyote ikikosekana kwa zaidi ya siku tatu za kazi, salio lote linadaiwa mara moja pamoja na tozo ya kifungu cha 6 kuanzia 9 Mei, bila notisi nyingine, na utunzaji wa tovuti unaendelea maadamu awamu zinalipwa. Kukiri deni ndiko kulikokuwa na thamani kubwa kwa mdai. Kwa saini ile, swali la nani aliagiza kurasa za nyongeza lilifungwa, na kama awamu ya Julai isingefika, kilichobaki kuthibitisha mahakamani kingekuwa karatasi moja na taarifa ya benki.